Mjamzito kwenye kazi nzito: barua ya mwajiri inapaswa kusema nini?

Katika tarafa ya Bweyeye, wilayani Rusizi, kwenye ukingo wa msitu wa Nyungwe karibu na mpaka wa Burundi, barabara haidumu bila mikono ya watu. Milima ni mikali na mvua ni nyingi. Udongo huporomoka, mitaro huziba, na maji yakikosa njia huanza kula kingo za lami. Kazi ya kuzibua mitaro, kufyeka nyasi na kusomba tope ni kazi ya sepetu, panga na karai, na nchini Rwanda wanawake wengi huifanya bega kwa bega na wanaume.

Mwanamke anayefanya kazi ya namna hiyo akishika mimba, swali la kwanza huwa ni kama aendelee au aache. Swali hilo halijakaa sawa. Linalopaswa kuulizwa ni hili: katika kazi yake ya kila siku, ni vitendo gani vinavyohatarisha mimba, na vitabadilishwa vipi bila yeye kupoteza kipato? Jibu la swali hilo halifai kubaki mdomoni mwa msimamizi. Linapaswa kuandikwa katika barua anayokabidhiwa mfanyakazi, naye abaki na nakala. Makala haya yanaeleza barua hiyo hutokana na nini, huandikwa vipi, na ni wapi huharibika.

Msingi wake

Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018 ya tarehe 30/08/2018, inamtaka mwajiri kuhakikisha afya na usalama wa wafanyakazi wake mahali pa kazi. Sheria Na. 027/2023 iliirekebisha na kuongeza likizo ya uzazi kutoka wiki 12 hadi wiki 14. Lakini likizo huja mwishoni. Miezi mingi ya ujauzito hupita mfanyakazi akiwa bado kazini, na ndiyo miezi ambayo barua hii inaihusu.

Kuhusu namna ya kuipanga miezi hiyo, mwongozo ulio wazi zaidi ni Pendekezo Na. 191 la Shirika la Kazi Duniani, lililopitishwa mwaka 2000 sambamba na Mkataba Na. 183 wa ulinzi wa uzazi. Pendekezo hilo linataja kazi zinazohitaji kuangaliwa kwa makini: kunyanyua, kubeba, kusukuma au kuvuta mizigo, kugusana na kemikali au vimelea vyenye madhara kwa uzazi, kazi inayodai mwili kujimudu usianguke, na kusimama au kukaa kwa muda mrefu, joto au baridi kali, na mtetemo wa mashine.

Kisha linaweka hatua nne zinazofuatana kama ngazi. Kwanza, hatari yenyewe iondolewe. Isipowezekana, mazingira ya kazi yarekebishwe. Hilo nalo likishindikana, mfanyakazi ahamishiwe kazi nyingine bila kupunguziwa malipo. Na ikiwa hakuna kazi nyingine inayofaa, apewe likizo yenye malipo. Utaratibu huo una maana kubwa, kwa sababu waajiri wengi huanzia chini: wakisikia habari za mimba, humrudisha mfanyakazi nyumbani, na aghalabu bila malipo.

Tanzania imeliweka jambo hili ndani ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumtaka mjamzito afanye kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, na inamtaka, pale inapowezekana, ampe kazi mbadala yenye masharti yasiyo duni kuliko yale ya awali.

Kuipima kazi, si kumpima mama

Tathmini ya hatari haihusu uwezo wa mwanamke. Inahusu kazi. Msimamizi hukaa na mfanyakazi mwenyewe, wakaipitia siku yake tangu anapotoka nyumbani hadi anaporudi, wakaandika kila kitendo: kitu gani kinanyanyuliwa, kina uzito gani, kinachukuliwa kutoka wapi, mara ngapi, na kwa muda gani. Mfanyakazi lazima awepo, kwa kuwa ndiye ajuaye kwamba mtaro ule una utelezi, au kwamba choo kiko mwendo wa nusu saa.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwanamke wa Bweyeye ameajiriwa kuzibua mitaro ya barabara. Analipwa kwa mita, faranga 100 kwa kila mita moja, na kwa wastani huzibua mita 30 kwa siku, yaani faranga 3,000. Kituo cha afya kimethibitisha kwamba ana mimba ya wiki 16, yenye afya, isiyo na matatizo.

Kazi yake ina vitendo vinne. Anashuka mtaroni na kuchota tope kwa sepetu, akilirusha juu ya ukingo. Anabeba tope hilo kwa karai hadi mahali pa kulimwaga. Anafyeka nyasi za kandokando. Na baadhi ya siku anavaa mgongoni bomba la kupulizia dawa ya kuua magugu.

Uzito hauna budi kupimwa, si kukisiwa. Tope ni zito kuliko linavyoonekana. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20; ikijaa tope hupita kilo 30. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani ilitoa viwango vya muda vya kunyanyua mizigo wakati wa ujauzito usio na matatizo. Kwa mzigo unaonyanyuliwa mara chache, karibu na kiwiliwili, kwa mikono miwili, kikomo ni takribani kilo 16 kabla ya wiki ya 20, na takribani kilo 12 baada ya hapo. Kunyanyua kukiwa kwa mfululizo na kwa saa nyingi, kikomo hushuka hadi takribani kilo 8, kisha kilo 6. Viwango hivyo vinashauri pia kutonyanyua kitu kilicho chini ya katikati ya muundi wala kukipandisha juu ya kichwa.

Sababu ya kikomo kushuka ni ya kimaumbile. Kadiri tumbo linavyokua, mzigo hukaa mbali zaidi na uti wa mgongo, na mzigo ule ule huulemea mgongo zaidi. Viungo hulegea kwa ajili ya homoni za ujauzito, na mwili hupoteza mizani yake ya kawaida, hata kuanguka kukawa rahisi. Moyo nao huwa tayari unafanya kazi ya ziada kusukuma damu iliyoongezeka. Tafiti zimeonyesha uhusiano kati ya mizigo mizito au kusimama kwa muda mrefu na ongezeko la hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Ongezeko hilo si kubwa, na wanawake wengi wa kazi nzito hujifungua salama. Lakini ni hatari inayoweza kupunguzwa kwa gharama ndogo.

Tukivitazama vitendo vinne vya mfano wetu kwa vipimo hivyo, mambo hujitenga yenyewe. Kuchota tope mtaroni ni kunyanyua kwa mfululizo, kutoka chini ya muundi, huku sepetu ikiwa mbali na mwili: kusimamishwe. Karai la tope linapita kikomo: kusimamishwe. Dawa ya magugu ni kemikali, na bomba lililojaa ni mzigo mgongoni: kusimamishwe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo viungo vya mtoto vinapoumbika. Kufyeka nyasi mahali palipo tambarare kunaweza kuendelea kwa sasa, kwa mapumziko ya mara kwa mara. Kwenye mteremko, hapana.

Mtego wa “kazi nyepesi”

Hapa ndipo barua nyingi huharibika. Mwajiri huandika sentensi moja: kuanzia leo utafanya kazi nyepesi. Maneno hayo hayamlindi mtu yeyote. Msimamizi wa leo ataelewa hivi na wa kesho vile, na mfanyakazi hana la kuonyesha.

Tena, kazi inayoitwa nyepesi inaweza kuwa na hatari zake. Katika kazi za barabara, mjamzito mara nyingi hupewa bendera ya kuongoza magari. Hanyanyui kitu, ni kweli. Lakini anasimama kutwa nzima kwenye jua au mvua, anavuta vumbi na moshi, hawezi kuondoka kwenda chooni bila mtu wa kumpokea, na gari likikosa breki anatakiwa aruke upesi. Kupaka rangi mawe ya kilomita nako kunaonekana kama kazi ya kupumzikia, ilhali mvuke wa rangi na wa dawa za kuiyeyusha haufai kuvutwa kutwa. Kwa hiyo kila kazi mbadala hupimwa upya, kwa maswali yale yale ya mwanzo.

Katika mfano wetu, kazi iliyoonekana kufaa ni ya kutunza stoo ya vifaa na kupima mita zilizozibuliwa na wenzake, akiwa na kiti, maji ya kunywa na choo karibu.

Malipo ndiyo kiini

Mfanyakazi anayelipwa kwa mita au kwa kilo akiondolewa kwenye mita na kilo, kipato chake hutoweka. Tuseme mtunza stoo analipwa faranga 1,800 kwa siku. Mama wa mfano wetu atapoteza faranga 1,200 kila siku. Kwa mwezi wa siku 24 za kazi, hizo ni faranga 28,800. Kwa miezi mitano, ni faranga 144,000.

Mbele ya hasara kama hiyo, wanawake wengi huficha mimba. Hufunga kitenge kwa kukaza, huendelea na karai, na msimamizi hujua siku tumbo linaposhindikana kufichika. Tathmini nzuri kiasi gani isiyogusa malipo itabaki kwenye karatasi, kwa kuwa anayepaswa kuitumia ana sababu ya kuikwepa.

Suluhisho ni wastani. Mwajiri huchukua malipo ya miezi mitatu iliyopita, akayagawa kwa siku zilizofanyiwa kazi, na wastani huo ukawa ujira wa kila siku kwa kipindi chote cha marekebisho. Katika mfano huu ni faranga 3,000. Kuna sababu nyingine ya kuulinda ujira huo. Mfuko wa mafao ya likizo ya uzazi, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 003/2016 na kusimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, huchangiwa asilimia 0.3 ya mshahara na mfanyakazi, na asilimia 0.3 na mwajiri. Mshahara unaotangazwa ukishushwa miezi michache kabla ya kujifungua, kuna hatari ya mafao nayo kuathirika.

Barua yenyewe

Baada ya tathmini, barua ya mfano wetu ingeweza kuandikwa hivi:

Bweyeye, 3 Februari 2025

Kwa Bi. ………

YAH: MAREKEBISHO YA MUDA YA KAZI YAKO WAKATI WA UJAUZITO

Tunakushukuru kwa kutuarifu kuhusu ujauzito wako. Tarehe 30 Januari 2025 tuliipitia kazi yako pamoja nawe. Cheti cha kituo cha afya kinaonyesha kwamba unatarajia kujifungua karibu na tarehe 21 Julai 2025.

Kuanzia leo hutafanya kazi zifuatazo: kuchota tope mtaroni, kubeba karai au ndoo ya tope, kupulizia dawa ya magugu, na kufyeka kwenye mteremko. Hutanyanyua mzigo wowote unaozidi kilo 8 kwa kurudiarudia.

Utafanya kazi hizi: kutunza stoo ya vifaa, kupima na kuandika mita zilizozibuliwa, na kufyeka mahali palipo tambarare kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Utapewa kiti na maji ya kunywa. Utapumzika dakika 15 kila baada ya saa 2, na unaweza kwenda chooni wakati wowote bila kuomba ruhusa. Hutapakiwa nyuma ya lori la vifaa.

Ujira wako utakuwa faranga 3,000 kwa siku, ambao ni wastani wa malipo yako ya Novemba, Desemba na Januari. Siku ya kwenda kliniki utalipwa kama siku ya kazi. Tafadhali tuarifu mapema.

Tutaipitia barua hii pamoja nawe tarehe 3 Machi na tarehe 28 Aprili, au mapema zaidi ukipata tatizo lolote. Ukiona hatari ambayo hatukuiona, acha kazi hiyo na umwarifu msimamizi mara moja. Hutaadhibiwa kwa hilo.

Marekebisho haya ni ya muda. Baada ya likizo ya uzazi utarudi kwenye kazi yako au kazi inayolingana nayo, mara itakapokuwa salama kwako.

Nakala: msimamizi wa eneo la kazi (orodha ya majukumu tu).

Sahihi ya mwajiri ………  Sahihi ya mfanyakazi ………

Tarehe za mapitio hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Tarehe 3 Machi mimba itatimiza wiki 20, wakati kikomo cha uzito kinaposhuka. Kwa hiyo kilo 8 za barua zitakuwa kilo 6. Tarehe 28 Aprili itatimiza wiki 28, tumbo limekua, kuinama kumekuwa kugumu, na kufyeka huenda kukahitaji kukoma kabisa. Barua isiyo na tarehe ya mapitio huwa sahihi kwa mwezi mmoja, na baada ya hapo humhimiza mama kufanya yale ambayo mwili wake hauwezi tena.

Angalia pia mstari wa nakala. Msimamizi anahitaji kujua mfanyakazi afanye nini na asifanye nini. Hahitaji kuona cheti cha kituo cha afya wala historia ya mimba zilizopita. Habari hizo hubaki kwa mwajiri, kwa siri.

Dalili kwamba marekebisho hayatoshi

Barua haizuii kila jambo. Maumivu ya mgongo yanayozidi kila jioni, kizunguzungu kazini, au miguu kuvimba mwisho wa siku ni dalili kwamba kazi inahitaji kupunguzwa tena, na sababu ya kuipitia barua kabla ya tarehe yake.

Kuna dalili nyingine ambazo hazingojei mapitio: kutokwa na damu au maji ukeni, maumivu makali ya tumbo au uchungu kabla ya wakati, kichwa kuuma sana huku macho yakiona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, homa, au mtoto kupunguza kucheza. Hapo kazi huachwa papo hapo na mama hupelekwa kituo cha afya. Namba ya gari la wagonjwa nchini Rwanda ni 912. Katika eneo kama Bweyeye, ambako barabara hupita katikati ya msitu na hospitali za wilaya ziko mbali, tathmini inapaswa kujibu mapema: nani atapiga simu, mtandao unapatikana wapi, na gari gani litatumika ikiwa la wagonjwa litachelewa.

Mwajiri akikataa

Mfanyakazi asiyepewa barua anaweza kuiomba mwenyewe kwa maandishi. Inatosha aeleze kwamba ni mjamzito, aambatanishe cheti cha kituo cha afya, ataje vitendo vya kazi vinavyomtia hofu, na aombe tathmini ifanyike kwa tarehe fulani. Abaki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea. Ni vyema pia amwombe mhudumu wa afya aandike katika cheti kile asichopaswa kufanya, kwa mfano “asinyanyue mizigo mizito, asitumie dawa za kilimo”, kwa sababu cheti kinachosema tu “ni mjamzito” humwachia mwajiri nafasi ya kutafsiri apendavyo.

Maombi yakipuuzwa, sheria ya Rwanda inataka mgogoro wa mfanyakazi binafsi uanze kwa usuluhishi kupitia wawakilishi wa wafanyakazi. Wakishindwa, hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, ambaye kwa wakazi wa Bweyeye ni wa Rusizi. Akishindwa kuwapatanisha, njia ya mahakama iko wazi. Katika kila ngazi ya hizo, atakayesikilizwa kwa wepesi ni yule mwenye karatasi mkononi: cheti chenye tarehe, ombi lililopokelewa kwa sahihi, na kumbukumbu ya malipo ya miezi mitatu kabla ya mzozo kuanza.